Kitendawili na Methali: Pengo la Jina na Pengo la Tukio

Methali na vitendawili huwekwa pamoja mara nyingi kiasi kwamba wengi huviona kama ndugu wanaofanana sura na kutofautiana mavazi tu. Vyote ni semi fupi, vyote hutaja kitu kimoja huku vikikusudia kingine, na vyote huazima picha kutoka kwa mambo yanayoonekana kila siku, kama vile nyumba, mvua, mnyama, njia na mwili wa mtu. Jibu lililozoeleka kwa anayeuliza tofauti yake ni kwamba kitendawili ni swali na methali ni fundisho. Jibu hilo si la uongo, ila halimsaidii mlezi au mwalimu anayetaka kujua kwa nini mtoto anayetegua vitendawili mfululizo bila kusitasita hukwama mbele ya methali moja nyepesi. Ili kulielewa jambo hilo, ni afadhali tuiache orodha ndefu ya sifa, tuchukue sentensi moja inayoweza kutumika kwa njia zote mbili.

Sentensi hiyo ni "Kikulacho ki nguoni mwako." Sote tunaijua kama methali. Lakini tuchukulie kwamba mtu ameketi na watoto, akatamka "Kitendawili!", nao wakaitikia "Tega!", kisha akaitoa sentensi hiyo hiyo bila kuongeza neno. Mara moja watoto wataanza kutafuta kitu. Mmoja ataruka na kusema "Moto!", kwa kuwa moto hula nguo, atakataliwa, kwa sababu anayeliwa hapa ni mtu mwenyewe, wala si nguo. Mwingine atasema "Njaa!", naye atakataliwa, kwa sababu njaa haikai nguoni. Wa tatu ataunganisha mambo yote mawili, yaani kinachomla mtu na kinachokaa katika vazi lake, na kusema "Chawa!" Hapo mchezo umekwisha. Hakuna aliyebaki na swali, na watoto wako tayari kutegwa kingine.

Sasa tuihamishie sentensi hiyo kwa msichana ambaye siri yake imeenea darasani, naye anawashuku wanafunzi wa mbali ambao hata hazungumzi nao. Mama yake anamsikiliza mpaka mwisho, kisha anasema, "Mwanangu, kikulacho ki nguoni mwako." Msichana akiishia kwenye chawa, hajaambiwa chochote. Ni lazima achukue chawa, ambaye hata hakutajwa, amgeuze kuwa kitu kingine: kinacholiwa ni siri yake, nguo ni ule ukaribu wa watu anaowaamini, na mlaji ni mmojawapo wa marafiki wawili au watatu aliowaambia siri hiyo. Mama hakumtaja rafiki yeyote, wala hakusema kwamba wageni hawana hatia. Ameacha kazi hiyo kwa binti. Juma lijalo sentensi hiyo hiyo inaweza kutamkwa juu ya mweka hazina wa chama aliyetumia fedha za wenzake, na hapo nguo itakuwa ofisi, siri itakuwa fedha, na rafiki hatakuwamo kabisa.

Katika mfano huu tofauti inajitokeza vizuri zaidi kuliko katika fasili nyingi. Semi zote mbili zina pengo ambalo msikilizaji hulijaza, ila mapengo hayo hayako mahali pamoja. Katika kitendawili, pengo liko kwenye jina la kitu: tunapewa sifa zake na kunyimwa jina. Katika methali, pengo liko kwenye tukio: tunapewa kauli nzima iliyokamilika, na kinachokosekana ni jambo la maisha linalolingana nayo. Ndiyo maana kitendawili kinaweza kutegwa wakati wowote, hata kama hakuna lililotokea, ilhali methali isiyo na tukio ni kama ufunguo usio na mlango. Chawa, ambaye kwa kitendawili ndiye kituo cha mwisho, kwa methali ni hatua ya kwanza tu.

Tukianza na kitendawili, yafaa tuangalie kinavyojengwa. Mwaka 1963 watafiti wawili wa fasihi simulizi, Robert Georges na Alan Dundes, walieleza kwamba kitendawili huwa na kipengele kimoja au zaidi cha maelezo, na kwamba vipengele viwili miongoni mwa hivyo vinaweza kuonekana vinapingana. Maelezo hayo yanavifaa vitendawili vyetu barabara. Chukua "Nyumba yangu haina mlango." Neno la kwanza linajenga picha, na maneno ya mwisho yanaivunja, kwa kuwa nyumba isiyo na mlango haiingiliki wala haitokeki. Mtoto hulazimika kuuliza ni nini kinachohifadhi kitu ndani yake kama nyumba inavyohifadhi watu, lakini hakina pa kupitia. Jibu ni yai. Mvutano ulioonekana katika maneno haumo katika kitu chenyewe. Ulitokana na kuichukua nyumba kama nyumba halisi.

Baada ya hicho, tega "Nyumba yangu ina nguzo moja." Watoto kadhaa watapaza sauti, "Yai!", kwa sababu wamelishika neno nyumba na kuliunganisha na jibu walilolisikia punde. Kukosa huko kuna manufaa makubwa, nami ningemshauri mtegaji asikuharakishe. Awaulize wanaotaja yai: nguzo yake iko wapi? Watajichekesha wenyewe, kisha watarudi kwenye maelezo na kuanza upya. Kitu chenye paa na nguzo moja tu katikati ni uyoga. Kwa vitendawili hivyo viwili, mtoto amejifunza jambo ambalo ni gumu kumweleza kwa maneno ya darasani: kwamba sitiari haihamishi sifa zote za kitu. Katika yai, nyumba iliazimwa kwa sababu ya kuhifadhi na kuziba. Katika uyoga, iliazimwa kwa sababu ya paa na nguzo. Amejifunza pia kwamba maneno mengine ya kitendawili hayana uzito katika kutafuta jibu. Neno "yangu" limo katika vyote viwili, na mtoto anayejaribu kulitumia, kwa kujiuliza mtegaji anamiliki nini, atapotea njia. Kuyatambua maneno yenye habari na yale yasiyo nayo ni stadi ya kusoma, ingawa hapa inapatikana kwa masikio.

Kuna jambo lingine ambalo vitabu hulipitia haraka, nalo ni utaratibu wa kushindwa. Wasikilizaji wakikosa, mtegaji husema, "Nipe mji." Nao humpa mji, aghalabu ule mkubwa na wenye sifa, naye akiukubali husimulia safari yake fupi ya kwenda huko na jinsi alivyopokewa, na ndipo anapolitoa jibu. Adhabu ya kutojua ni mji wa maneno matupu. Mtoto hakutukanwa, hakupunguziwa alama, na wala hakuachwa gizani, kwa kuwa jibu hutolewa hatimaye. Zaidi ya hayo, kesho yeye mwenyewe anaweza kukitega kitendawili hicho kwa wengine, wakiwemo wakubwa wake, na wakishindwa watampa yeye mji. Ni nadra kuona aina nyingine ya mafunzo ambapo mtoto anaweza kumshinda mtu mzima hadharani bila kuvunja adabu.

Hata hivyo, kitendawili kinaweza kufa mikononi mwa wale wanaokipenda. Ugonjwa wake mkuu ni kukaririwa. Kwa kuwa jibu ni moja na hujulikana, mtoto aliyesikia "Kuku wangu katagia miibani" mara chache tu hulitaja nanasi kabla mtegaji hajafika kwenye miiba. Anaonekana hodari, kumbe anakumbuka tu. Namna ya kubaini ni rahisi: mwulize aonyeshe kila neno lilipo katika jibu. Aliyetegua kweli atasema kwamba yai ndilo tunda, na miiba ni majani makali yanayolizunguka. Aliyekariri atarudia tu, "Ni nanasi, ndivyo lilivyo." Njia nyingine ni kubadili neno moja. Mtegaji akisema "Nyumba yangu ina nguzo mbili", aliyezoea kukariri atasema uyoga, na aliyezoea kufikiri atatulia kwanza, pengine amtaje mtu na miguu yake miwili, akatetea jibu lake. Jibu kama hilo linapaswa kupokewa, hata kama mtegaji alikuwa na lake akilini, ilmradi kila kipengele kimepata mahali pake. Katika ule mfano wa nguo, mtoto ambaye angesema kiroboto angestahili kukubaliwa sawa na aliyesema chawa.

Ugonjwa wa pili ni kutega kitu ambacho msikilizaji hana njia ya kukijua. Mfano ulio wazi mno umo katika Biblia, kitabu cha Waamuzi, sura ya 14. Samsoni anamuua simba. Baada ya siku kadhaa anapita tena, anakuta nyuki na asali ndani ya mzoga, naye anakula. Katika karamu ya harusi yake anawatega wenzi 30 kwamba katika mlaji kilitoka chakula, na katika mwenye nguvu ulitoka utamu, na anawapa siku saba na dau la mavazi. Kwa umbo, ni kitendawili kizuri: kina picha mbili na mpingano mara mbili. Kwa haki, si kitendawili, maana jibu lake halimo katika ulimwengu unaojulikana na wote. Limo katika tukio moja alilolishuhudia mtegaji peke yake. Haishangazi kwamba wale wenzi hawakulipata kwa kufikiri, bali kwa kumtisha bibi harusi. Mtoto asiyewahi kuona firigisi ikipasuliwa na kumenywa yumo katika hali hiyo hiyo anapoambiwa "Nyama nje, ngozi ndani." Hatapata mafunzo yoyote kwa kulazimishwa kubahatisha, aonyeshwe kitu kwanza, ategwe siku nyingine.

Methali haina shida ya namna hiyo, maana haimwombi mtoto ataje kitu. Shida yake ni kwamba haimwambii kwamba kuna kazi ya kufanya. Kitendawili hubisha hodi kwa mlio wake maalumu, na kila aliyepo anajua kwamba maneno yanayofuata hayapaswi kuchukuliwa yalivyo. Methali huingia katikati ya mazungumzo bila kutangazwa. Mara nyingine hutanguliwa na "wahenga walisema", lakini mara nyingi haitanguliwi na chochote. Mtoto mdogo anayesikia "Mtoto akililia wembe mpe" anaweza kuamini kwamba kuna ruhusa fulani imetolewa, au akaingiwa na hofu kwamba watu wazima ni wakatili.

Mwanasaikolojia Jean Piaget, katika utafiti aliouchapisha mwaka 1923, aliwapa watoto wa miaka 9 hadi 11 hivi methali kadhaa pamoja na sentensi za kawaida, akawataka waoanishe kila methali na sentensi yenye maana ile ile. Wengi walikosea. Lakini jambo lililomvutia zaidi lilikuwa ujasiri wao: mtoto alichagua sentensi isiyohusiana, kisha akapata sababu za kuonyesha kwamba zinafanana kabisa. Yeyote aliyefundisha methali ameliona hilo. Mtoto hanyamazi akasema hajui, kama anavyofanya kwenye kitendawili. Hujenga daraja lolote lile na kulivuka. Kwa hiyo kimya cha mtoto mbele ya kitendawili kinasema kweli, ilhali majibu yake ya haraka mbele ya methali yanaweza kumdanganya mwalimu.

Tuichukue methali moja na kuipitia polepole: "Usipoziba ufa utajenga ukuta." Mwanafunzi hakuelewa namna ya kujumlisha sehemu zenye asili tofauti, akaona aibu kuuliza, na baada ya muhula mmoja hesabu zote zinazotegemea sehemu zimemshinda. Mwalimu akimwambia methali hiyo na kuondoka, kuna uwezekano mkubwa kwamba mtoto atabaki na picha ya nyumba. Lakini mwalimu akiuliza, "Katika habari yako, ufa ni upi?", kazi imeanza. Ufa ni siku ile moja asiyoielewa. Kuziba ni kuuliza, jambo ambalo lingechukua dakika chache. Ukuta ni muhula mzima wa kurudia. Kisha kuna swali la nne ambalo wengi hulisahau: ni nini kilichoupanua ufa? Ufa wa ukutani hupanuka kwa mvua na uzito. Wake umepanuka kwa sababu kila somo jipya liliwekwa juu ya lile lililopungua. Hapo mtoto amepata sababu, na sababu ndiyo fundisho. Bila hiyo methali inabaki kuwa lawama yenye vina.

Umbo la methali nyingi za Kiswahili husaidia kuzikumbuka, na hapo hapo huleta udanganyifu wa aina yake. Zina pande mbili zinazoitikiana kwa mizani au kwa sauti: "Haba na haba / hujaza kibaba", "Asiyesikia la mkuu / huvunjika guu." Kutokana na hilo kumezuka zoezi maarufu la kukamilisha methali, ambapo mwalimu hutoa upande wa kwanza na darasa zima huitikia upande wa pili. Zoezi hilo lina faida yake katika kuhifadhi maneno, lakini kwa maoni yangu linaigeuza methali kuwa kitendawili kibovu: swali lenye jibu moja, lisilodai kufikiri. Mtoto anayeweza kukamilisha methali mia anaweza kuwa hajawahi kuitumia hata moja. Kipimo bora zaidi ni kumsimulia kisa kifupi na kumwuliza ni methali gani ingefaa, na kwa nini si ile nyingine iliyo karibu nayo. Kwa mfano, mtu anaweka akiba kidogo kidogo mpaka anafikia lengo: je, tuseme "Haba na haba hujaza kibaba" au "Mvumilivu hula mbivu"? Zote zinaelekea kufaa, ila ya kwanza inazungumzia kuongezeka kwa kitu na ya pili inazungumzia kungoja. Kama mtu huyo alingoja bila kuongeza chochote, ya kwanza imeondoka.

Linalowasumbua watoto wakubwa zaidi ni kwamba methali hugongana. Anayeambiwa asubuhi kwamba "Haraka haraka haina baraka" huambiwa jioni kwamba "Ngoja ngoja huumiza matumbo", na zote mbili hutoka kinywani mwa mtu yule yule. Kijana wa miaka 13 akiligundua hilo huona amewakamata wazee. Anadhani methali ni kauli kuhusu ulimwengu, na kauli mbili zinazopingana haziwezi kuwa za kweli kwa pamoja. Hapa mlezi asijitetee kwa kusema kwamba moja ina nguvu kuliko nyingine. Methali haielezi ulimwengu wote. Inalitaja tukio lililo mbele yetu. Haraka ni kosa pale ambapo kuharibu kunagharimu kuliko kuchelewa, na kungoja ni kosa pale ambapo nafasi yenyewe inapita. Mtu hachagui methali ndipo alipime tukio. Hulipima tukio, na kupima kwake kunajulikana kwa methali aliyoichagua. Kwa hiyo migongano hiyo ni sehemu bora ya somo, na mwalimu mwerevu huizusha kwa makusudi.

Swali linalobaki ni la mamlaka, yaani nani ana haki ya kusema. Katika kitabu chake cha Retoriki, Aristotle alitoa maoni mawili yanayolingana na tulichokiona. Alisema kwamba kutoka kwa vitendawili vizuri mtu anaweza kupata sitiari zinazofaa, maana sitiari nayo ina fumbo ndani yake. Na alisema kwamba kutumia semi za hekima kunawafaa wenye umri mkubwa, tena juu ya mambo waliyoyapitia, na kwamba kijana anayezitumia hapendezi. Katika la kwanza sina ubishi. Katika la pili, ameeleza hali inayojulikana kila mahali, ambapo methali hushuka kutoka kwa mkubwa kwenda kwa mdogo na mara nyingi hutumika kuyafunga mazungumzo. Lakini kikwazo hicho kina gharama. Mtoto asiyeruhusiwa kuisema methali hujifunza kuipokea tu, na tumeona kwamba kupokea ndiko kunakomwacha na picha ya nyumba bila ufa wake mwenyewe.

Alama iliyo wazi zaidi kwamba mtoto ameielewa methali ni pale anapoitumia vibaya kwa makusudi. Ametumwa kufagia, anajivuta, na akihimizwa anasema kwa upole, "Bibi, haraka haraka haina baraka." Wengi humwona mtovu wa adabu, lakini hebu tuangalie alichokifanya: amelitambua tukio, amechagua kauli inayolingana nalo kwa sura, na ameitumia kutetea upande wake, jambo ambalo hakuna zoezi la kukamilisha linaloweza kulipima. Bibi anayeijua kazi yake hamkemei. Humjibu kwa ile inayopingana nayo, kisha humtaka aseme ni ipi kati ya hizo mbili inayoufaa ufagio huu na uwanja huu, wakati jua likiwa limekaribia kutua. Na mtoto akitaka kuitetea yake, sharti aonyeshe ni kitu gani kingeharibika kama angefagia upesi.